Barua ya kazi ya kurasa mbili: ukate wapi ili ibaki mmoja

*Mtaalamu, naomba kazi ya usimamizi wa ghala. Barua yangu imefika kurasa mbili, na kila nikiisoma naona hakuna cha kutoa, yote ni muhimu. Nimepunguza ukubwa wa herufi na kubana pambizo lakini bado haitoshi. Kwani ni lazima iwe ukurasa mmoja? Na kama ni lazima, nianze kukata wapi? Nimekuambatanishia rasimu pamoja na tangazo la kazi.*

Ndugu yangu, rudisha kwanza herufi na pambizo mahali pake, maana kwa kubana vile hujapunguza neno hata moja. Mtu anayechambua maombi akiona ukurasa uliojaa weusi kutoka ukingo hadi ukingo anajua papo hapo kilichofanyika, na macho yake yanaruka mistari. Weka herufi za ukubwa wa 11 au 12, pambizo za sentimita 2.5 kila upande, na nafasi kati ya aya na aya. Karatasi ya A4 iliyopangwa hivyo hubeba takriban maneno 500 ya Kiswahili ikiwa imejaa. Toa anwani mbili, tarehe, maamkizi, kichwa cha barua na sahihi, ambavyo hula karibu theluthi ya ukurasa, na unabaki na maneno kama 300 hadi 350. Hilo ndilo fungu lako. Rasimu uliyoniletea ina maneno 880, kwa hiyo hapa hatuzungumzii kupunguza kidogo huku na kidogo kule. Zaidi ya nusu inaondoka.

Ukurasa mmoja unatosha kwa sababu ya kazi ambayo barua hii inafanya. Msomaji wake ana uamuzi mmoja tu wa kufanya: nimwite huyu kwenye usaili au nisimwite? Historia yako yote ya kazi imo kwenye wasifu ulioambatanisha. Barua inatakiwa imwonyeshe mambo mawili au matatu kwenye wasifu huo yanayolingana na shida aliyo nayo. Yapo maombi yanayotaka zaidi. Nafasi za kufundisha na kufanya utafiti vyuoni mara nyingi huruhusu kurasa mbili, kwa sababu mwombaji anaeleza utafiti wake wenyewe. Tangazo likitaja urefu, ufuate huohuo. Ukitakiwa kuandika barua ndani ya baruapepe yenyewe, shuka hadi maneno 150 au 200, kwa kuwa wengi wataisoma kwenye simu. Na ukikuta fomu ya mtandaoni, angalia kama kikomo chake ni cha maneno au cha herufi. Fomu nyingi huhesabu herufi pamoja na nafasi, na neno moja la Kiswahili kama "tulivyovihesabu" linakula herufi nyingi. Kazi unayoomba wewe haimo kwenye hayo yote. Ni ukurasa mmoja.

Sasa tuingie kwenye rasimu. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa watu wanaokata ni kuanza na maneno: unatoa "sana" hapa, "pia" pale, na baada ya saa mbili barua imepungua mistari minne huku mpangilio ni uleule. Anza juu. Amua kwanza ni aya zipi zinabaki, kisha sentensi ndani ya aya hizo, na maneno yaje mwisho. Kuhangaika kunyoosha sentensi ambayo aya yake nzima itaondoka ni kupoteza nguvu, tena kuna hatari nyingine: ukishaipamba sentensi unaipenda, na hutaki tena kuitupa.

Ili kujua aya zipi zinabaki, usiisome barua peke yake. Weka tangazo pembeni. Tangazo lako linaomba mambo matatu: mtu anayeweza kutunza kumbukumbu za ghala kwa usahihi, anayeweza kuongoza wafanyakazi sita, na anayejua kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za bidhaa. Hayo matatu ndiyo kipimo. Kando ya kila aya nimeandika kwa penseli idadi ya maneno na ni hitaji lipi kati ya hayo linajibiwa.

Aya ya kwanza, maneno 95: jina, umri, mahali ulipozaliwa, na "napenda kuchukua nafasi hii adhimu". Haijibu lolote. Ya pili, 120, inaeleza masomo yako tangu shule ya msingi. Haijibu. Ya tatu, 110, ni kazi yako ya kwanza kwenye duka la samani ulikokuwa karani wa kupokea mizigo. Inagusa kumbukumbu, kwa sentensi moja tu. Ya nne, 150, ni kazi ya pili, lakini sehemu kubwa inaeleza kampuni ilivyoanza na mwenye mali alivyo mtu mwema. Ya tano, 170, ni kazi yako ya sasa kwenye ghala la vipuri. Hapa ndipo mahitaji yote matatu yamelala, ila yamefunikwa. Ya sita, 70, inasema wewe ni mchapakazi, mwaminifu na unaweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu. Ya saba, 75, inaeleza kwa nini unataka kuondoka ulipo. Ya nane, 50, inaisifu kampuni unayoiomba kazi. Ya tisa, 40, ni shukrani.

Ukitazama orodha hiyo unaona kwamba "yote ni muhimu" ina ukweli wake: yote ni muhimu kwako. Kwa msomaji wako, aya moja kati ya tisa ndiyo inayobeba mzigo, nayo imewekwa katikati ya ukurasa wa kwanza na wa pili, mahali ambapo pengine asingefika. Wengi wakishaona hivyo hupunguza kila aya kwa nusu, ili kila kipindi cha maisha kipate haki yake. Usifanye hivyo. Ukipunguza zote sawasawa unapata barua fupi iliyo butu vilevile, na aya ya tano, iliyostahili kukua, nayo inakuwa imekatwa mkono.

Kwa hiyo ya kwanza, ya pili, ya sita, ya saba na ya nane zinaondoka zote. Masomo yamo kwenye wasifu. Umri na mahali pa kuzaliwa, kama tangazo limeviomba, navyo vinakaa kwenye wasifu. Sababu za kuondoka ulipo ni swali la usaili, na kwenye karatasi husomeka kama malalamiko hata ukiziandika kwa upole. Sifa za kampuni inazijua kampuni yenyewe. Aya ya sita najua itakuuma, kwa kuwa ndiyo umeiandika kwa moyo, lakini sentensi ya "mimi ni mwaminifu na mchapakazi" inaweza kutiwa sahihi na mwombaji yeyote kwenye rundo lile. Hicho ni kipimo kizuri cha kila sentensi inayobaki: mwombaji mwenzako angeweza kuinakili bila kubadili neno? Kama angeweza, haikusaidii.

Aya ya tatu inabaki sentensi moja, na ya nne inaondoka, kwa kuwa kilichobaki ndani yake ukishamtoa mwenye mali ni tarehe, nazo zimo kwenye wasifu. Tisa inakuwa mstari au miwili. Tumefika kwenye aya ya tano, na hapa ndipo nataka tukae.

Nusu yake ya kwanza uliiandika hivi: "Kwa sasa mimi ni mfanyakazi katika ghala la vipuri ambapo nafanya kazi kama msaidizi wa mtunza ghala, na katika kipindi chote ambacho nimekuwa hapo nimeweza kujifunza mambo mengi sana kuhusiana na suala zima la utunzaji wa bidhaa. Hapo awali kulikuwa na changamoto kubwa ya tofauti kati ya bidhaa ambazo zilikuwa kwenye daftari na zile ambazo zilikuwepo rafuni, jambo ambalo lilikuwa linaleta usumbufu mkubwa kwa wateja na uongozi kwa ujumla. Niliweza kushirikiana na wenzangu katika kufanikisha zoezi la kuhesabu bidhaa, na hatimaye tatizo hilo lilipungua kwa kiasi kikubwa."

Nilipokuuliza kwa simu kilichotokea hasa, ulinieleza kwa pumzi moja. Ghala lina aina 2,400 za vipuri. Hesabu ilikuwa ikifanywa mara moja, mwisho wa mwaka, na aina 190 hazikulingana na daftari. Wewe ndiye uliyependekeza kuhesabu rafu chache kila siku, ukapanga ratiba na kuwagawia kazi wenzako wanne. Mwaka uliofuata zisizolingana zilikuwa 40. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoingia kwenye maneno 880! Barua inayorefuka namna hii mara nyingi huwa imeukosa ukweli wake mkubwa, na mwandishi anauzungukia kwa maneno ya jumla akitumaini kwamba wingi utaziba pengo. Ndiyo maana kukata peke yake hakutoshi. Lazima pia uongeze, lakini unachoongeza ni ukweli halisi.

Sehemu hiyo sasa inasomeka hivi: "Ghala letu la vipuri lina aina 2,400, na hesabu ya mwisho wa mwaka ilikuta aina 190 zisizolingana na daftari. Nilipendekeza tuhesabu rafu chache kila siku badala ya kusubiri mwisho wa mwaka, nikapanga ratiba na kuwagawia kazi wenzangu wanne. Mwaka uliofuata zisizolingana zilikuwa 40." Ni fupi kuliko ya mwanzo na inasema mengi zaidi. Tena inajibu mahitaji mawili kwa pamoja, kwa kuwa aliyepanga ratiba na kugawa kazi ameshaonyesha kwamba anaweza kuongoza watu. Neno "uongozi" halikuhitajika. Weka tu tarakimu unazoweza kuzitetea kwenye usaili. Kama 190 ni makadirio, sema "karibu 190". Kama huna hesabu kabisa, eleza kilichobadilika, kwamba zamani mlifanya vile na sasa mnafanya hivi. Tarakimu ya kubuni itakuumbua kwenye swali la pili.

Nakushauri usiikate rasimu ileile kwenye skrini. Ihifadhi kama ilivyo, fungua ukurasa mtupu, na uhamishie huko mambo uliyoyachagua tu, ukiyaandika upya. Ukikata ndani ya rasimu ya zamani, viunganishi vyake vinabaki vikining'inia: "pia", "vilevile", "kama nilivyoeleza hapo juu", ilhali cha hapo juu kimeshaondoka. Kwenye ukurasa mtupu kila sentensi inaingia kwa ruhusa.

Maneno ndiyo ya mwisho, na hapa Kiswahili chetu cha ofisini kina mazoea yake yanayonenepesha barua. "Niliweza kufanikisha zoezi la kuhesabu" ni "nilihesabu". "Kuhusiana na suala zima la" ni "kuhusu". "Katika kipindi cha miaka minne" ni "kwa miaka minne". Majozi kama "bidii na juhudi" au "uaminifu na uadilifu" hubeba wazo moja mara mbili, chagua moja. "Changamoto" karibu kila mara inaficha kitu chenye jina, kwa hiyo litaje lile jina: upungufu, ucheleweshaji, hesabu zisizolingana. Na "amba-" ipunguze pale kitenzi kinapoweza kuibeba kazi yake chenyewe: "bidhaa ambazo tulipokea" inakuwa "bidhaa tulizopokea". Lakini usiifukuze kila mahali. Kwenye wakati wa "-me-" na kwenye "-ja-" huna njia nyingine, na "bidhaa ambazo hazijapokelewa" ndiyo sahihi.

Kichwa cha barua nacho kinakuokolea nafasi. Ukishaandika YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSIMAMIZI WA GHALA, hakuna haja ya "husika na kichwa cha habari hapo juu" wala kusema tena kwamba unaomba kazi ya usimamizi wa ghala. Sentensi ya kwanza ianze kazi moja kwa moja. Adabu usiikate, ila itoshe mara moja. "Ndugu" mwanzoni na mstari wa heshima mwishoni vinatosha, na barua isiyo navyo husomeka kama amri.

Baada ya yote hayo, mwili wa barua yako unakuwa hivi:

"Ndugu,

Tangazo lenu linaomba mtu wa kutunza kumbukumbu za ghala kwa usahihi na kuongoza wafanyakazi sita. Nimekuwa msaidizi wa mtunza ghala la vipuri kwa miaka minne, na kazi hizo mbili ndizo ninazozifanya zaidi.

Ghala letu lina aina 2,400 za vipuri, na hesabu ya mwisho wa mwaka ilikuta aina 190 zisizolingana na daftari. Nilipendekeza tuhesabu rafu chache kila siku badala ya kusubiri mwisho wa mwaka, nikapanga ratiba na kuwagawia kazi wenzangu wanne. Mwaka uliofuata zisizolingana zilikuwa 40.

Baadaye tulihamisha kumbukumbu kutoka kwenye daftari hadi kwenye kompyuta. Mimi ndiye niliyeingiza majina na namba za aina zote, kisha nikawafundisha wenzangu kuandika mali inayoingia na inayotoka siku hiyohiyo. Sasa karani wa mauzo anaona salio la kila kipuri bila kupiga simu ghalani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupokea mizigo kwenye duka la samani, na huko ndiko nilikozoea kulinganisha mzigo na hati yake kabla ya kutia sahihi.

Nimeambatanisha wasifu na nakala za vyeti. Nitafurahi kufika kwenye usaili siku mtakayopanga.

Wako mwaminifu,"

Hayo hayafiki maneno 200. Fungu lako lilikuwa 300 na zaidi, na najua mkono utakuwasha kurudisha ile aya ya uchapakazi ili kujaza. Usiirudishe. Kama kuna kitu cha kuongeza, kiwe kisa kingine cha aina hiyohiyo, chenye kazi uliyofanya na matokeo yake. Kwa mfano, siku ulipombadilishia mtu zamu au kusuluhisha wawili waliogombana, maana hitaji la kuongoza watu sita limejibiwa kwa kiasi tu: uliowapanga walikuwa wanne, na walikuwa wenzako. Kama huna kisa hicho, acha nafasi nyeupe.

Kukata nako kunaweza kupita kiasi, na dalili yake ni msomaji kurudi nyuma kutafuta. Ukitoa "mwaka uliofuata", ile 40 haijulikani ni ya lini. Ukitoa "badala ya kusubiri mwisho wa mwaka", haieleweki ulibadilisha nini. Maneno yanayoonyesha wakati na sababu ni ya mwisho kabisa kutolewa, hata kama ni mengi.

Ili kupima, mpe mtu asiyejua habari za kazi yako aisome kwa nusu dakika, kisha ichukue karatasi mkononi mwake umuulize: huyu anaomba kazi gani, na amefanya nini? Akikutajia kuhesabu rafu kila siku, barua imefika. Akikujibu "anaonekana mtu mzuri mwenye uzoefu", tarakimu zako bado zimefunikwa na kitu. Mtu huyo asiwe rafiki aliyekusikia ukisimulia, kwani atajaza mapengo kwa anachokijua tayari.

Ile rasimu ndefu uliyoihifadhi itakufaa ukiitwa. Mwenye mali wa kazi ya pili, sababu za kuondoka, yote hayo huenda yakaulizwa ana kwa ana, na pale utakuwa umeshayapangia maneno. Kabla ya kutuma, hifadhi barua kama PDF, uifungue kwenye simu au kompyuta nyingine. Faili la kuandikia likifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti yako, mistari husogea, na sahihi yako inaweza kuangukia peke yake kwenye ukurasa wa pili.